Kuthamini Hisa kwa Gawio la Hatua Mbili: Mwongozo wa Mwaka Ambao Ukuaji Unatulia

Mwongozo huu ni kwa mfanyakazi anayenunua hisa kwa akiba ya mshahara wake, na kwa wajumbe wa kamati za uwekezaji za vyama vya akiba na mikopo wanaotakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini wamenunua hisa fulani kwa bei fulani. Unahusu njia moja tu ya kuthamini hisa. Njia hiyo huhesabu gawio la miaka michache ya ukuaji wa kasi, kisha ikahesabu gawio la miaka yote inayofuata baada ya kampuni kutulia. Anayeutumia awe anaweza kusoma taarifa za fedha za mwaka na kutumia kikokotoo. Hesabu zake hazizidi hapo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1938 Mmarekani John Burr Williams aliandika kwamba hisa ina thamani ya gawio lote itakalolipa, kila gawio likipunguzwa hadi thamani yake ya leo. Miongo miwili baadaye Myron Gordon alieneza fomula fupi ya kampuni ambayo gawio lake linakua kwa kasi ile ile siku zote: chukua gawio la mwaka ujao, ligawanye kwa tofauti kati ya faida unayodai na kasi ya ukuaji. Fomula hiyo inafaa kwa kampuni iliyokwisha kukomaa. Kwa kampuni inayokua kwa asilimia 15 kwa mwaka haifai, kwa sababu hakuna kampuni inayoweza kukua hivyo milele bila hatimaye kuuzidi uchumi wa nchi nzima. Tena, kasi ya ukuaji ikilingana na faida unayodai au kuizidi, fomula haitoi jibu lenye maana. Ndiyo maana hesabu inagawanywa katika hatua mbili.

Watu wengi hutumia muda wao mwingi kubishana kuhusu hatua ya kwanza: je, ukuaji ni asilimia 15 au 18, ni miaka mitano au saba? Lakini kosa linalogharimu fedha nyingi hutokea mahali pengine, yaani katika mwaka ambao kampuni inavuka kutoka kasi kwenda utulivu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mwaka huo mmoja.

Kampuni ya mfano

Tuchukue benki ya kubuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka uliopita ilipata faida baada ya kodi ya shilingi 125 kwa kila hisa. Katika hizo ililipa gawio la shilingi 50 na kubakiza shilingi 75. Uwiano wake wa gawio ni asilimia 40, na sehemu ya faida iliyobakizwa ni asilimia 60. Mwanzoni mwa mwaka huo mtaji wa wanahisa ulikuwa shilingi 500 kwa hisa, kwa hiyo benki ilipata faida ya asilimia 25 kwa mtaji.

Takwimu mbili za mwisho ndizo zinazotupa kasi ya ukuaji. Benki inayobakiza asilimia 60 ya faida na kuizalisha kwa asilimia 25 itakuza faida yake kwa 0.60 mara 0.25, yaani asilimia 15 kwa mwaka. Kasi ya ukuaji isitafutwe kwa namna nyingine kabla ya hii. Wapo wanaopima ukuaji wa gawio la miaka iliyopita na kuuendeleza mbele, na hapo hujidanganya kwa urahisi sana. Fikiria kampuni ambayo faida yake inakua kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, lakini katika miaka minne bodi yake imepandisha uwiano wa gawio kutoka asilimia 25 hadi 40. Ukitazama gawio peke yake utaona limekua kwa karibu asilimia 18 kila mwaka. Ukuaji huo hauwezi kuendelea, maana uwiano wa gawio hauwezi kupanda bila kikomo. Kwa hiyo andika safu mbili kando kando, faida kwa hisa na gawio kwa hisa, kwa miaka mitano iliyopita. Zikikua kwa mwendo unaofanana, endelea. Zikiachana, kasi ya kutumia ni ile ya faida.

Gawio la kuanzia nalo likaguliwe, kwa sababu kila tarakimu inayofuata inazaliwa nalo. Mwaka 2019 Safaricom ya Kenya iliwalipa wanahisa wake gawio maalumu juu ya lile la kawaida. Anayeanza hesabu na jumla ya yote mawili anachukulia kwamba zawadi ya mara moja itarudiwa na kukua milele. Kinyume chake pia hutokea. Mwezi Mei 2020, janga la korona lilipoanza kutikisa uchumi, bodi ya Equity Group ya Nairobi iliondoa pendekezo lake la gawio la shilingi 2.50 za Kenya kwa hisa kwa mwaka 2019. Aliyechukua sifuri kuwa gawio la kuanzia alipata hisa isiyo na thamani yoyote, jambo ambalo si kweli. Katika hali zote mbili tumia gawio la mwaka wa kawaida, yaani faida ya kawaida mara uwiano wa gawio ambao kampuni imeuzoea.

Hatua ya kwanza: miaka mitano ya kasi

Tuseme benki yetu itakua kwa asilimia 15 kwa miaka mitano, na sisi tunadai faida ya asilimia 17 kwa mwaka ili tukubali kushika hisa yake. Gawio la mwaka wa kwanza litakuwa 50 mara 1.15, yaani shilingi 57.50. Ili kujua thamani yake ya leo tunaligawanya kwa 1.17 na kupata 49.15. Gawio la mwaka wa pili ni 66.13, tunaligawanya kwa 1.17 mara mbili na kupata 48.31. Tukiendelea hivyo, mwaka wa tatu unatupa 76.04 zenye thamani ya leo ya 47.48, mwaka wa nne 87.45 zenye thamani ya 46.67, na mwaka wa tano 100.57 zenye thamani ya 45.87.

Jumla ya thamani za leo za miaka hiyo mitano ni shilingi 237 na senti kidogo. Hakuna la ajabu hapa. Ila angalia jinsi jumla hiyo ilivyo ndogo. Miaka mitano ya kasi, ambayo ndiyo huandikwa magazetini na kusifiwa na madalali, inatupa shilingi 237. Thamani iliyobaki yote iko katika hatua ya pili.

Mwaka wa sita

Baada ya mwaka wa tano ukuaji unashuka hadi asilimia 7 na kukaa hapo. Sasa fomula ya Gordon inaweza kutumika, kwa sharti kwamba tunasimama mwishoni mwa mwaka wa tano na kutazama mbele:

```
P5 = D6 / (r - g)
```

P5 ni thamani ya hisa mwishoni mwa mwaka wa tano, D6 ni gawio la mwaka wa sita, r ni faida tunayodai na g ni kasi ya ukuaji baada ya kutulia.

Wengi hupata D6 kwa kuchukua gawio la mwaka wa tano, 100.57, na kulizidisha kwa 1.07. Wanapata 107.61. Wakigawanya kwa 0.10, ambayo ni 0.17 kutoa 0.07, wanapata 1,076. Wakiipunguza kwa miaka mitano, yaani kuigawanya kwa 2.1924, wanapata 491 za leo. Wakijumlisha na zile 237 wanatangaza kwamba hisa ina thamani ya shilingi 728.

Kila mstari wa hesabu hiyo ni sahihi, lakini jibu lake limebeba dai ambalo hakuna aliyekusudia kulitoa. Benki inayokua kwa asilimia 7 huku ikiendelea kubakiza asilimia 60 ya faida yake inapata faida gani kwa mtaji inaoubakiza? Gawanya 7 kwa 0.60: ni asilimia 11.7. Sisi wenyewe tumesema tunadai asilimia 17. Kumbe hesabu inasema kwamba kuanzia mwaka wa sita, na milele, wakurugenzi watachukua zaidi ya nusu ya faida ya wanahisa na kuiweka mahali panapozalisha chini sana ya kile wanahisa wanachodai, wala hakuna atakayewazuia. Ziko kampuni zinazofanya hivyo. Lakini hilo liwe ni jambo ulilolichunguza na kuliamini, lisiingie kimyakimya kwa sababu ya kuzidisha kwa 1.07.

Sababu ya kubakiza faida ni ukuaji wenyewe. Benki Kuu ya Tanzania inazitaka benki ziwe na mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10, na mtaji wote usiopungua asilimia 12, ya mali zake baada ya kuzipima kwa uzito wa hatari. Benki ikitaka kukuza mikopo yake kwa asilimia 15, mtaji wake nao lazima ukue kwa karibu kiasi hicho hicho, na mtaji huo unatoka kwenye faida isiyogawiwa. Siku mikopo inapoanza kukua kwa asilimia 7, mtaji unaohitajika kila mwaka unapungua. Faida inayozidi mahitaji hayo haina kazi ndani ya benki, na mahali pake halali ni mifukoni mwa wanahisa. Kampuni ya saruji hali yake ni ile ile: ikimaliza kujenga kiwanda kipya, fedha zilizokuwa zikinunua mitambo zinaanza kutoka kama gawio.

Kwa hiyo ukuaji ukishuka, uwiano wa gawio lazima uhesabiwe upya. Kanuni ni ile tuliyoanza nayo, ila sasa tunaisoma kinyumenyume: sehemu ya kubakiza ni kasi ya ukuaji ikigawanywa kwa faida inayopatikana kwa mtaji mpya. Faida hiyo mpya haitakuwa tena asilimia 25, kwa maana washindani wameingia, wateja bora wamekwisha kugawanwa na riba za mikopo zimeshuka. Tuchukue asilimia 17.5, juu kidogo tu ya kile tunachodai. Gawanya 7 kwa 17.5: benki itabakiza asilimia 40 na kugawa asilimia 60.

Sasa tuanze na faida badala ya gawio. Faida kwa hisa ya mwaka wa tano itakuwa 125 iliyokuzwa kwa asilimia 15 mara tano, yaani shilingi 251.42. Ya mwaka wa sita ni hiyo mara 1.07, yaani 269.02. Asilimia 60 yake ni gawio la shilingi 161.41. Tukiligawanya kwa 0.10 tunapata 1,614. Thamani yake ya leo ni 736. Ongeza 237 za hatua ya kwanza, na hisa ina thamani ya shilingi 974 badala ya 728.

Tofauti ya shilingi 246 imetoka kwenye uamuzi mmoja wa mwaka mmoja. Kama hisa hiyo inauzwa sokoni kwa shilingi 820, hesabu ya kwanza inakwambia usinunue na ya pili inakwambia nunua, ingawa zote mbili zimetumia kasi zile zile za ukuaji na faida ile ile unayodai.

Msomaji makini ataona kwamba gawio limeruka kutoka 100.57 hadi 161.41 katika mwaka mmoja. Bodi nyingi hazifanyi hivyo. Hupandisha polepole, zikihofia kulishusha gawio baadaye. Tukiweka uwiano wa asilimia 45 mwaka wa sita, 50 mwaka wa saba, 55 mwaka wa nane na 60 kuanzia mwaka wa tisa, huku tukiuacha ukuaji kwenye asilimia 7, thamani inashuka kutoka 974 hadi 944. Huo ndio mpango ninaoupendekeza kwa kamati inayotaka kujilinda, kwa sababu unafanana zaidi na tabia halisi ya bodi, na tofauti yake ni ndogo.

Kuna kipimo cha haraka cha kukagua hatua ya pili. Ukichukulia kwamba kampuni iliyotulia inapata kwa mtaji wake mpya kile kile unachodai, asilimia 17 kwa 17, basi ukuaji hauongezi wala haupunguzi thamani, na fomula yote inajikunja kuwa faida ya mwaka wa sita ikigawanywa kwa 0.17. Hapa ni 269.02 kugawanya kwa 0.17, yaani 1,582. Ukiipunguza hadi leo na kuongeza 237 unapata 959. Jibu lako likiwa mbali sana juu ya namba hii, umeipa kampuni faida ya ajabu isiyokwisha. Likiwa mbali sana chini, umewahukumu wakurugenzi wake kupoteza fedha milele. Katika hali yoyote kati ya hizo, andika sababu.

Kosa la mwaka mmoja

Kosa jingine la mwaka wa sita ni la kalenda. Kwa kuwa D6 ni gawio la mwaka wa sita, mtu hushawishika kuipunguza P5 kwa miaka sita. Fomula ya Gordon imekwisha kurudisha thamani nyuma mwaka mmoja kabla ya gawio la kwanza, kwa hiyo 1,614 ni thamani ya mwisho wa mwaka wa tano na inapunguzwa kwa miaka mitano tu. Ukiipunguza kwa miaka sita utapata jumla ya 867 badala ya 974, na hakuna kitakachokushtua, kwa sababu 867 inaonekana namba ya kawaida kabisa.

Anayetumia Excel anaweza kujikinga kwa kuijumlisha P5 ndani ya kisanduku cha mwaka wa tano, pamoja na gawio la mwaka huo:

```
=NPV(17%, 57.50, 66.13, 76.04, 87.45, 100.57+1614.11)
```

Jibu ni 973.7. Kama umepata 867 au namba iliyo karibu nayo, P5 imekaa kwenye kisanduku cha sita.

Faida unayodai na ukuaji wa kudumu

Namba hizi mbili hazitoki kwenye taarifa za kampuni. Unaziamua wewe, na ndizo zenye nguvu kuliko zote.

Faida unayodai ianzie kwenye kile unachoweza kupata bila kushika hisa yoyote. Kwa mkazi wa Tanzania hiyo ni riba ya hatifungani ya Serikali ya muda mrefu, kama ya miaka 20 au 25, kwa bei ya mnada wa karibuni. Riba ya akaunti ya akiba haifai, kwa sababu hisa ni mali ya muda mrefu na inapaswa kulinganishwa na mali ya muda mrefu. Katika mfano wetu tumechukua asilimia 12 na kuongeza 5 kwa sababu ya hatari: faida ya benki inaweza kuanguka, na hisa zenyewe kwenye soko letu zinaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi. Kwa hisa ambayo haiuziki kwa urahisi, asilimia 5 ni kidogo.

Angalia kodi pia. Mkazi anayepokea gawio la kampuni iliyoorodheshwa Dar es Salaam hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla fedha hazijamfikia. Ikiwa riba unayolinganisha nayo ni ile isiyokatwa kodi, basi gawio lote la hesabu yako lizidishwe kwa 0.95. Thamani ya 974 inakuwa 925. Chama kinachonunua hisa nyingi kisipuuze shilingi 49 kwa kila hisa.

Ukuaji wa kudumu nao una dari. Kwa miaka mingi hauwezi kuuzidi ukuaji wa uchumi wa nchi ukijumlishwa na mfumuko wa bei, vinginevyo benki yetu ingeumeza uchumi. Busara ni kubaki chini ya dari hiyo kwa asilimia mbili au tatu. Na kumbuka kwamba namba zote ni za shilingi za kawaida, zenye mfumuko ndani yake. Kuchanganya faida inayodaiwa yenye mfumuko na ukuaji usio na mfumuko huishusha thamani sana.

Hapa ndipo faida ya kuhesabu uwiano wa gawio upya inapoonekana kwa mara ya pili. Tuseme mjumbe mmoja wa kamati anasisitiza kwamba ukuaji wa kudumu ni asilimia 9, si 7. Akiuacha uwiano wa gawio kwenye asilimia 60, thamani inaruka kutoka 974 hadi 1,175, na kikao kizima kitabishana kuhusu namba ambayo hakuna anayeweza kuithibitisha. Lakini kukua kwa asilimia 9 kwa faida ya 17.5 kunahitaji kubakiza asilimia 51.4, kwa hiyo gawio linashuka hadi asilimia 48.6 ya faida. Ukihesabu hivyo, thamani ni 996. Ukuaji zaidi umelipiwa kwa gawio pungufu, na ubishi uliokuwa wa shilingi 201 umebaki wa shilingi 22. Mtu anayeongeza ukuaji bila kupunguza gawio ameipa kampuni mtaji wa bure.

Faida unayodai haina kizuizi kama hicho. Ukiipandisha kutoka asilimia 17 hadi 19 na kuacha mengine yote kama yalivyo, thamani inashuka kutoka 974 hadi 790. Urefu wa hatua ya kwanza una nguvu ndogo zaidi: ukifupisha miaka ya kasi kutoka mitano hadi mitatu unapata 907. Basi muda wa kikao utumike kujadili zaidi faida inayodaiwa na uwiano wa gawio wa mwaka wa sita, na kidogo tu idadi ya miaka ya kasi.

Kusoma jibu dhidi ya bei

Usipeleke kwenye kikao namba moja. Peleka tatu: thamani ya hesabu yenye uwiano uliohesabiwa upya, ile ya kupanda polepole, na ile ya faida unayodai ikiwa juu kwa asilimia 2. Kwa benki yetu ni 974, 944 na 790. Bei ya 820 iko ndani ya upana huo, karibu na upande wa chini.

Njia nyingine, ambayo binafsi naiona bora zaidi kwa mnunuzi mdogo, ni kuigeuza hesabu. Badala ya kuuliza hisa ina thamani gani, uliza: nikinunua kwa 820, na mambo yakaenda kama nilivyokadiria, nitapata faida gani kwa mwaka? Badilisha r kwenye karatasi yako hadi jibu lifike 820. Kwa asilimia 18.5 unapata 829. Ukiongeza kidogo, kwa asilimia 18.6 hivi, unafika. Sasa swali limekuwa rahisi kulijibu: je, asilimia 18.6 kwa hisa ya benki hii inatosha, ikiwa Serikali inakupa 12 bila wasiwasi huo? Mfanyakazi ambaye hajui kukadiria kiwango cha hatari anaweza kulijibu swali hilo kwa kufikiria hali yake mwenyewe.

Angalia pia tarehe. Hesabu yetu inachukulia kwamba gawio la shilingi 50 limekwisha kulipwa na lijalo liko mwaka mzima mbele. Ukinunua wakati gawio la mwaka uliopita limetangazwa lakini daftari la wanahisa halijafungwa, utapokea gawio hilo pia, na bei ya soko inalijumuisha. Liongeze kwenye thamani, baada ya kutoa kodi, kabla hujalinganisha.

Pale njia hii isipofaa

Kampuni isiyolipa gawio, au inayolipa kwa kukopa, haithaminiwi hivi. Ukikuta gawio linazidi faida kwa miaka miwili mfululizo, acha. Vivyo hivyo kampuni ambayo faida yake inapanda na kushuka kwa bei ya mazao au madini: hakuna mwaka wake mmoja unaoweza kuitwa wa kawaida, na mwaka wa kuanzia ukiwa wa neema, hesabu yote inavimba.

Njia hii pia inachukulia kwamba fedha isiyohitajika itagawiwa. Palipo na mwanahisa mkubwa mwenye zaidi ya nusu ya hisa, yeye ndiye anayeamua. Soma gawio la miaka ambayo kampuni ilikuwa na fedha nyingi na miradi michache. Ikiwa hata wakati huo uwiano haukupanda, basi ile hesabu ya kwanza ya shilingi 728, ambayo tuliikataa, ndiyo inayoielezea kampuni hiyo, na mwanahisa mdogo anunue kwa bei hiyo au asinunue.

Baada ya kununua, weka karatasi ya hesabu pamoja na cheti au taarifa ya akaunti yako ya hisa. Kila taarifa za mwaka zikitoka, jaza mistari miwili: faida kwa mtaji wa mwanzo wa mwaka, na uwiano wa gawio. Kwa benki yetu tulitarajia 25 na 40. Faida kwa mtaji ikishuka hadi asilimia 20 huku uwiano ukibaki 40, ukuaji wa mwaka unaofuata umekwisha kushuka hadi asilimia 12, hata kama gawio lililotangazwa limepanda na wanahisa wamepiga makofi kwenye mkutano mkuu. Ikishuka hivyo miaka miwili mfululizo, hatua ya pili imeanza mapema. Hamisha mwaka wa kuvuka hadi mwaka ujao, hesabu uwiano wa gawio upya, na ulinganishe jibu na bei ya siku hiyo.